Vitone Vitatu

Rungu la kwanza lilimpata fundi wa mizani begani, la pili mbavuni, na mpaka hapo hakuna kati ya wapigaji aliyekuwa amemuuliza jina. La tatu lilikuwa linapanda kuelekea kichwani. Lakini tukianzia kwenye rungu tutahukumu watu kabla hawajasikilizwa, kwa hiyo tuliache hapo hewani kidogo, turudi kwenye chumba chenye feni mbovu ambako balaa lenyewe lilitungwa kwa kalamu safi na mikono misafi.

Chumba hicho kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi. Humo walikaa watu wanaotengeneza programu ya simu kwa ajili ya kampuni ya ulinzi inayolinda bohari za mizigo. Walinzi wa getini wangeitumia kutoa taarifa, na kikosi cha dharura kingeitumia kupokea taarifa na kwenda mbio. Programu ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza, kisha ikatafsiriwa Kiswahili, maana walinzi wenyewe ni watu wa Kiswahili. Na kabla toleo lolote halijatoka, lilipita mikononi mwa msichana mmoja waliyemwita Rula, na bila sahihi yake halikutoka.

Jina hilo alilipata kwa haki. Siku zake za mwanzo alikuwa akibandika rula ya plastiki juu ya kioo cha simu kupima neno limebakiza nafasi kiasi gani kabla ya kugonga ukingo. Baadaye aliiacha rula, jicho likawa limeshazoea, lakini jina halikubanduka.

Kazi yake aliifanya kwa mpango usiobadilika, na mtu akimsemesha katikati alinyanyua kidole bila kugeuza shingo. Hakugusa simu nzuri. Alichukua simu ya bei rahisi kuliko zote, yenye kioo chembamba, ileile wanayopewa walinzi, akaiweka kwenye Kiswahili na kukuza maandishi mpaka mwisho, kwa sababu mlinzi wa miaka hamsini na kitu hasomi herufi ndogo kama sisimizi. Kisha alijifanya mlinzi. Alifungua kila ukurasa, akabonyeza kila kitufe, akajaza jina la bohari refu kuliko yote, akakata mtandao makusudi ili ujumbe wa makosa ujitokeze nao ukaguliwe. Kila ukurasa aliupiga picha. Akimaliza, alijifanya mtu wa kikosi, akaanza upya. Halafu alijifanya karani wa ofisini.

Hapo wapimaji wengi huishia. Rula alikuwa na hatua moja zaidi, na aliipenda kuliko zote: alichukua tukio moja, tuseme mlango uliovunjwa, akalifuata kutoka simu ya mlinzi hadi simu ya kikosi hadi kompyuta ya ofisi, akipanga picha zake ubavu kwa ubavu mezani kama karata. Kitu kilekile lazima kiitwe jina lilelile kila kinapopita. Ukutani alikuwa amebandika orodha ya istilahi walizokubaliana, na ole wake mtafsiri aliyeikiuka.

"Mtu akiitwa baba sebuleni na mjomba jikoni," alizoea kusema, "hiyo nyumba ina kesi."

Basi siku hiyo alipanga karata zake, na mbili zikagombana. Kwenye simu ya mlinzi kitufe kilisema *Mtu asiyetambulika, asiye na silaha*. Maana yake kikazi ilikuwa ndogo tu: kuna mtu getini simjui, njooni mumuulize shida yake. Tukio hilohilo lilipofika kwenye simu ya kikosi liliitwa *Mvamizi asiye na silaha*. Alichungulia faili la tafsiri. Kwenye chanzo cha Kiingereza neno lilikuwa moja. Watafsiri walikuwa wawili, mmoja amepewa kurasa za walinzi, mwingine za kikosi, na hakuna aliyewakutanisha.

Hilo peke yake lilimkera. La pili lilimnyanyua kwenye kiti. Alifunga simu ya kikosi, akaiacha kioo kizime, kisha akatuma tukio upya ili aone arifa inavyotokea kwenye simu iliyofungwa, jinsi mtu wa kikosi atakavyoiona akiichomoa kiunoni. Kioo kiliwaka. Kilisema:

*Mvamizi… Geti 2*

Akatuma tukio la pili, la mtu mwenye panga. Kioo kikawaka tena.

*Mvamizi… Geti 2*

Aliliona kosa hapohapo. Kwa Kiingereza habari ya silaha hutangulia, mtu hufuata, kwa hiyo hata kiboksi cha arifa kikikata mwisho, la muhimu limeshasomwa. Kiswahili humtaja mtu kwanza, halafu ndipo kieleze yukoje. Aliyechora kiboksi alikipima kwa Kiingereza, na kiboksi kikanyofoa maneno yote yaliyomtenganisha mwenye panga na mwenye mikono mitupu. Vikabaki vitone vitatu.

Aliandika hitilafu mbili, kila moja na picha zake, hatua za kuirudia, na dawa: neno liwe *Mtu asiyetambulika* kote kote, arifa ianze na *Hana silaha* au *Ana silaha*, kiboksi kiruhusu mstari wa pili. Kwenye uzito aliandika: *zuia toleo*.

Meneja wa mradi waliyemwita Tarehe, kwa kuwa hilo ndilo neno lililomtoka mdomoni kuliko salamu, alizisoma kwa jicho moja. Akabadilisha uzito: *urembo, baada ya toleo*.

Rula alimfuata mezani.

"Bosi, urembo ni rangi. Hiki ni kichwa cha mtu."

"Rula, mama, umeanza. Mtu akiigusa arifa si inafunguka? Anasoma yote, mpaka shairi akitaka."

"Anayekimbia na rungu hagusi kitu. Anasoma kilichokaa kwenye kioo, basi."

"Tarehe ni Ijumaa. Bohari zote. Mteja ameshawaambia wakubwa zake."

"Na majaribio ya bohari moja?"

"Yanaendelea kesho kama yalivyopangwa. Wewe nenda, kaa pale, utazame. Ukiona damu nipigie."

Watu walicheka. Rula hakucheka, kwa sababu kikosi cha bohari ile kiliongozwa na kaka yake wa tumbo moja.

Kaka huyo aliitwa Nondo, na ukimwona huulizi kwa nini. Alikaa na Rula na mama yao kwenye nyumba ya vyumba vitatu yenye mlango wa bati unaopiga kelele. Hakuwa mtu wa fujo. Alikuwa akimpikia mama uji na kumsugua miguu. Lakini masika yaliyopita rafiki yake wa kikosini alimfuata mtu getini kumuuliza shida yake, na yule mtu akamjibu kwa panga la shingo. Nondo ndiye aliyeziba ile shingo kwa viganja vyake mpaka gari lilipofika, na gari lilipofika hapakuwa na cha kuziba. Tangu hapo hakuuliza mtu shida.

Jioni ile Rula alimweleza, akamwonyesha na picha.

"Kaka, kesho ukiona *Mvamizi* na vitone, fungua kwanza usome."

"Nikisoma, yeye anafanya nini? Ananisubiri nimalize aya?"

"Nakuambia inaweza kuwa mtu wa kawaida kabisa."

"Basi msiandike mvamizi," Nondo alisema, akajimiminia uji bakulini. "Nyie ndio wenye maneno. Sisi tunaandikiwa tu."

Alikuwa amesema kweli, na hiyo ndiyo iliyomuuma Rula zaidi.

Asubuhi Rula alikaa kwenye chumba cha kikosi pale bohari: benchi la mbao, marungu kwenye misumari, harufu ya soksi na mafuta ya bunduki. Simu yake ya majaribio ilikuwa imesajiliwa kama ya mtu wa kikosi, ili aone wanachokiona. Nondo na wenzake wawili walikuwa wanacheza drafti na kutukanana kirafiki.

Nje, kwenye geti la pili, fundi wa mizani alikuwa amefika. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, na mkoba wa vifaa begani, aliyeitwa kurekebisha mizani ya kupimia malori. Kitambulisho cha kampuni yake hakikuwa mfukoni alipokitafuta, na jina lake halikuwamo kwenye orodha ya wageni. Dada wa geti alifanya alivyofundishwa. Hakumruhusu, hakumfukuza. Alibonyeza *Mtu asiyetambulika, asiye na silaha*, akamwambia, "Subiri hapo kwenye mizani baba, wanakuja kukuuliza maswali mawili matatu." Fundi akashukuru, akaenda kusimama kando ya mizani.

Simu nne ziliwaka kwa pamoja.

*Mvamizi… Geti 2*

Rula alisoma mpaka mwisho wa vitone, na alipoinua macho drafti ilikuwa chini, vifuniko vya chupa vinabingirika sakafuni, marungu hayapo kwenye misumari. Aligusa arifa. Ikafunguka polepole, kiduara kikazunguka, halafu ikasema yote: asiye na silaha. Mlango ulikuwa bado unapigapiga nyuma yao.

"Kaka," aliita. "Hana silaha. Nondo, hana silaha."

Alikimbia. Uwanja ulikuwa mpana, wa zege, na lori lilikuwa linanguruma, likayameza maneno yake. Aliona fundi akigeuka na kutabasamu, tabasamu la mtu aliyekuwa akingojea kuulizwa maswali. Rungu likampata begani. Akaanguka goti moja, mdomo wazi, bila sauti. La pili likamwingia mbavuni, na sauti yake Rula aliisikia licha ya lori, kama kuni inavyovunjwa kwa goti.

Fundi alifanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye hofu angelifanya. Alitia mkono kwenye mkoba kutafuta tena kile kitambulisho.

"Mkono," mmoja wa kikosi alipaza sauti. "Ana kitu, ana kitu."

Nondo aliinua rungu kwa mikono miwili, juu ya kichwa, na uso wake Rula hakuutambua. Hapakuwa na hasira usoni pale. Palikuwa na yule rafiki wa shingo.

Kando ya mizani, kwenye nguzo, ulining'inia mtungi mwekundu wa kuzimia moto. Rula aliunyofoa. Baadaye watu walisema aliunyakua kwa wazimu, lakini haikuwa hivyo. Alijua anachokifanya kuliko alivyopata kujua chochote. Aliuzungusha kwa mwili mzima, nao ukampata kaka yake kwenye kiwiko cha mkono wa kulia wakati rungu linashuka.

Kiwiko kilikunjika upande ambao viwiko havikunjiki. Rungu likaruka, likagonga chuma cha mizani. Nondo alilia kama mtoto, akakaa chini.

Yule mwingine wa kikosi alimgeukia Rula, akampiga ngumi ya shavu. Jino lilitoka. Alianguka chali na mtungi kifuani, akachomoa pini, akabana mkono wa mtungi. Unga mweupe ulifoka na kuwafunika wote, kikosi na fundi na mizani, mpaka hakuna aliyemwona mwenzake, wakabaki wanakohoa na kutapatapa kama kuku waliofungiwa jikoni. Dereva wa lori alizima injini. Katika ukimya ule sauti ya dada wa geti ilifika.

"Nilisema hana silaha. Jamani, mimi niliandika hana silaha."

Fundi wa mizani hakufa. Alivunjika mbavu tatu na mfupa wa bega, na alipopata pumzi, neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza ni nani atakayeitengeneza mizani.

Mchana wa siku iliyofuata Nondo alikuwa kwenye kitanda cha hospitali, mkono umefungwa plasta ngumu kuanzia begani hadi vidoleni. Mama alikuwa upande mmoja na kikombe cha uji. Rula alikuwa upande wa pili, shavu limevimba, pamba mdomoni. Tangu asubuhi mama hakuwa amemsemesha ila kwa kupitia mgonjwa.

"Mwambie dada yako avute pazia."

"Mama, yuko hapo."

"Simwoni. Mimi mtu anayempiga nduguye na chuma simwoni."

Tarehe aliingia na mfuko wa matunda, akauweka kitandani, akavuta kiti. Alikuwa na uso wa mtu aliyelala vibaya na bado anajali shati lake.

"Poleni, mama. Pole, kaka." Akamgeukia Rula na kushusha sauti. "Mteja ana hasira. Mkurugenzi wao atapiga simu sasa hivi. Anataka kusikia jambo moja. Useme ulichanganyikiwa, hukuisoma programu sawasawa, ukamvamia kiongozi wa kikosi. Uombe radhi. Basi. Ukiomba, wanaliandika kama ajali ya mfanyakazi, toleo linatoka Ijumaa, kila mtu anabaki na kazi yake, hata kaka yako."

"Linatoka likiwa na lebo zipi?"

"Zilezile. Tutazirekebisha baadaye, nimekwambia."

"Bohari zote."

"Rula."

"Bohari zote, bosi? Kila geti, kila fundi?"

"Hivi unajua unaongea na nani?"

"Omba tu, mwanangu," mama alisema, na kwa mara ya kwanza alimtazama. "Umevunja mkono wa kaka yako. Kwani neno moja lina uzito gani?"

Nondo alikuwa anatazama dari. Sasa aligeuza kichwa.

"Bosi, nikuulize. Huyu alikuja kwako na zile picha?"

Tarehe alirekebisha kola. "Aliandika kitu, ndiyo. Zinaandikwa nyingi. Kulikuwa na suala la kipaumbele, na pia, kaka, kusema kweli, ungeigusa ile arifa..."

"Kabla ya siku ile?"

"Kabla, ndiyo, lakini..."

Nondo alishuka kitandani. Alishuka taratibu, kama mtu anayekwenda msalani, akauweka mkono mbovu vizuri kifuani, kisha kwa mkono wa kushoto akamkamata Tarehe shingoni na kumnyanyua na kiti chake. Kiti kilianguka. Tarehe hakuanguka, alibandikwa ukutani kati ya dirisha na chati ya vipimo, miguu inapapasa sakafu.

"Nilikuwa naua mtu," Nondo alisema kwa sauti ya chini. "Mtu na mkoba wake wa spana. Unajua nilishaona kichwa kinapasuka kabla hakijapasuka? Bado nakiona. Nikifumba macho nakiona."

"Nondo," mama aliita. "Nondo, mwanangu, mwache."

Alimgongesha ukutani mara moja, si kwa nguvu zake zote, na pua ya Tarehe ikatoa damu kwenye shati alilolijali. Rula aliinuka, akamshika kaka yake kwa ule mkono mzima, vidole kwa vidole, mpaka ukalegea. Tarehe aliteleza chini akakaa kando ya machungwa yaliyomwagika.

Simu ya Tarehe ilianza kulia sakafuni. Kwenye kioo palikuwa na jina la mkurugenzi.

Tarehe, leso puani, alinyoosha kidole, akaiweka kwenye spika. Sauti nzito ilijaza chumba.

"Nimeambiwa huyo mpimaji yupo hapo, na mtu wangu yupo."

"Wapo, mkuu," Tarehe alisema kwa sauti ya puani.

Mama aliwaangalia wanawe kwa jicho lile ambalo tangu utotoni liliwaondoa juu ya mabati ya jirani. "Ombeni radhi," alisema. "Wote wawili. Sasa hivi."

Nondo aliinamisha kichwa. "Mimi naomba radhi," alisema. "Kwa huyu kwa pua yake. Kwa fundi nitakwenda mwenyewe, nikipata miguu ya kumfikia." Alimtazama dada yake. Macho yake yalikuwa mekundu, na ndani yake palikuwa na ombi. Alikuwa anataka aambiwe kwamba ule mtungi ulikosea, kwamba angejizuia mwenyewe, kwamba kichwa kile kisingepasuka. Neno moja tu kutoka kwa Rula lingemrudishia mkono wake wa zamani.

"Binti," mkurugenzi alisema. "Umenisikia? Nataka kuwaambia wenzangu suala limekwisha na Ijumaa tunaendelea. Unamwomba radhi kiongozi wa kikosi changu?"

Rula alitoa pamba mdomoni, akaisogelea simu ili asirudie.

"Mkuu, simu za watu wako zinamwita kila mtu mvamizi, mwenye panga na asiye nalo. Niliandika kabla, na picha zipo. Lisipobadilishwa hilo sitatia sahihi ya upimaji, na bila sahihi yangu hakuna toleo. Hilo la kwanza."

"Sijakuuliza hilo. Nimeuliza kama unaomba radhi."

Alimtazama kaka yake, plasta, vidole vilivyovimba. Alimpenda kuliko mtu yeyote duniani, na alijua kwamba kiwiko kile hakitanyooka tena sawasawa.

"Ningempiga tena," alisema. "Palepale. Siombi radhi."

"Mwanangu," mama alisema.

"Siombi, mama."